Tepu Kwanza, Tafsiri Baadaye

"Gauni la kitenge, waksi safi, halichuji. Saizi L, kifua 42, urefu 50. Kitu na boksi. Wahi dada, mzigo ndio huu!"

Tangazo lote ni hilo, pamoja na picha tatu, na kwa mteja wa Kiswahili linajitosheleza. Mama wa Goma au wa Kigoma hahitaji kuambiwa kwamba kifua 42 ni inchi, maana fundi wa mtaani kwake naye hupima kwa inchi. Anaujua uzito wa kitenge mkononi, na akiwa na shaka atapiga simu aulize. Sasa tangazo hili linatakiwa lisomeke kwa Kiarabu, na mwanamke ninayemtazama akiifanya kazi hiyo hajaandika bado hata herufi moja. Ameagiza kwanza gauni lenyewe liletwe mezani.

Tuko chumba cha ghorofani Old Kampala, kwenye mteremko ulio chini ya Msikiti wa Taifa. Duka halina mlango wa barabarani. Linauza mtandaoni vitenge, magauni, viatu vya ngozi na mafuta ya kupaka. Matangazo yake yaliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo kwa sababu wateja wake wa kwanza walikuwa wachuuzi wa Kongo ya mashariki na wa Tanzania waliozoea kufungasha mzigo Kikuubo. Kisha Aprili 2023 vita vikalipuka Khartoum, na familia nyingi za Kisudani zikakimbilia Uganda, baadhi kwenye makazi ya Kiryandongo na baadhi hapa hapa mjini. Wakaanza kununua, wakawatumia matangazo jamaa zao walioko nchi za Ghuba, na mwenye duka akaona kwamba wateja wanaangalia picha tu na kubahatisha saizi. Ndipo alipomtafuta mfasiri huyu, aliyesomea Kiarabu Chuo Kikuu cha Kiislamu kule Mbale. Hapa wote humwita Hajati, nami nitamwita hivyo.

Gauni likafika limekunjwa. Hajati akalilaza juu ya meza, kifua juu, akafunga vifungo vyote, akalipangusa kwa viganja kuanzia katikati kuelekea kwenye mishono mpaka mikunjo ikaisha. Hakulivuta. Kitenge cha waksi ni pamba iliyofumwa bila mnyumbuko, kwa hiyo mkono mzito haukiongezi upana, unalipinda gauni tu na kipimo kinakwenda upande. Akaweka ncha ya tepu kwenye mshono wa kwapa la kushoto, akaivusha hadi kwapa la kulia, akainama asome: 21. Ukizidisha mara mbili, kwa mbele na nyuma, unapata 42. Namba ya kwenye tangazo imepatikana, na wengi wangeishia hapo. Yeye akachukua simu akampigia fundi aliyeshona, ambaye ana cherehani yake upande wa Nakivubo.

"Fundi, hii kifua 42 ni ya nguo au ya mtu?"

"Ya nguo, Hajati. Mtu wake ni 38. Akizidi sana, 40."

"Na lile la bluu ulilotuma juzi, uliloandika 40?"

Fundi akakaa kimya kidogo. "Lile nilimshonea mtu akaghairi. Nilimpima yeye."

Hajati akaenda kabatini, akalitoa gauni la bluu na kulilaza lilivyolazwa lile la kwanza. Kwapa hadi kwapa lilikuwa inchi 22, yaani kifua 44. Kwa hiyo gauni lililoandikwa 40 ni pana kuliko lililoandikwa 42, kwa sababu namba moja ni ya mwili na nyingine ni ya nguo. Mteja wa Kampala angekuja akalijaribu, yakaisha. Lakini mwanamke aliyeko Maskati au Jeddah anazo namba tu, na akiziona mbili katika duka moja atazilinganisha, kama yeyote angefanya. Atachagua 40 akitaka linalombana kidogo, na atapokea linalopwaya.

Hapo nikaelewa kwa nini Hajati haamini namba yoyote kabla hajajua imepima kitu gani. Kugeuza inchi kuwa sentimita ni kazi ya kikokotoo. Zidisha kwa 2.54 umemaliza. Kazi yake ni ile ya kabla ya kuzidisha. Kwenye daftari lake kila kipimo kina mistari miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa mwili, na mstari wowote ukiwa mtupu bidhaa haipandi mtandaoni.

Akaanza kugeuza. Inchi 42 ni sentimita 106.68. Kikokotoo kingesema 107, na mkono wangu ungeandika 107. Yeye aliandika 106. Kipimo ambacho nguo inampa mteja, alinieleza, hukishusha, kwa sababu ukimpandishia umemuahidi nafasi ambayo haipo, na penye kitambaa kisichonyumbuka nafasi ndiyo kila kitu. Kwenye mstari wa mwili alifuata maneno ya fundi: inchi 38 hadi 40, ambazo ni sentimita 96.5 hadi 101.6, naye akaandika kuanzia 97 hadi 101. Ukitazama utaona kwamba kati ya mwili mkubwa kabisa na nguo bado kuna sentimita 5. Mafundi huiita nafasi, na bila hiyo mtu hawezi kuinua mkono kufunga kilemba chake. Mteja akiandikiwa kipimo cha nguo peke yake na yeye ana kifua cha 106, atasema hili ni saizi yangu, nalo litampasukia mgongoni siku ya kwanza.

Kanuni hiyo ya kushusha haibadiliki hata kwenye kitambaa kisichoshonwa. Kitenge kinauzwa kwa vipande vya yadi 6. Yadi ni sentimita 91.44, kwa hiyo yadi 6 ni mita 5.486, na matangazo mengi huandika mita 5 na nusu. Tofauti ni sentimita moja na kitu. Hajati anaandika mita 5.48. Mnunuzi wa kitambaa ni fundi au mtu anayempelekea fundi, na fundi hukata kwa hesabu. Pia huiacha yadi ibaki pembeni ya mita, kwa sababu wauza vitambaa wa Khartoum na wa Dubai wanaijua yadi, na wengine huiamini zaidi.

Kipimo kilichomchukua muda mrefu kuliko vyote ni urefu. Aliupima kuanzia pale bega linapokutana na shingo, tepu ikashuka mbele juu ya kifua hadi kwenye pindo. Inchi 50, sawasawa na tangazo, nazo ni sentimita 127 kamili. Hakuna cha kushusha wala kupandisha. Lakini namba 50 kwa msomaji wa Kiarabu ina maana yake tayari. Abaya katika maduka ya Ghuba huuzwa kwa namba kama 52, 54, 56, 58 na 60, na namba hizo ni urefu wa vazi kwa inchi kutoka begani hadi chini. Mwanamke anayevaa abaya anaijua namba yake kama anavyoijua namba ya kiatu. Akiona gauni refu limeandikwa 50 atadhani ni vazi la kuburura la mtu mfupi sana, wakati fundi alikusudia gauni linaloishia juu ya kifundo cha mguu kwa mtu wa kimo cha kawaida. Namba ni ile ile, kipimo ni kile kile, na bado mteja amepotea.

Hajati akamwita binti anayefungasha mizigo, akamwomba alivae gauni juu ya nguo zake na asimame wima bila viatu. Binti ana futi 5 na inchi 5, ambazo ni sentimita 165. Hajati akapiga magoti, akasimamisha tepu sakafuni na kuipandisha hadi pindoni, akasoma sentimita 13. Basi maandishi ya Kiarabu yakabeba mambo mawili badala ya namba moja: urefu kutoka begani ni sentimita 127, na kwa mwanamke wa kimo cha sentimita 165 pindo linaishia sentimita 13 juu ya sakafu. Neno inchi halikuandikwa kabisa kwenye mstari huo, ili mtu asije akaukimbilia mpangilio wa abaya. Kimo nacho kiliandikwa kwa sentimita, kwa kuwa futi na inchi za kimo tulizozizoea Uganda hazimsaidii msomaji wa huko.

Herufi L aliiacha. Haimwambii mteja kitu, kwani L ya fundi huyu si L ya Uturuki wala ya China, lakini mfungashaji anaihitaji ili achukue gauni sahihi kabatini. Ikabaki mwishoni kama alama ya duka, na vipimo vikatangulia.

Baada ya vipimo ndipo akageukia maneno. Nilidhani hapa ndipo ufasaha ungeanza kumwagika, maana Kiarabu kina utajiri wa sifa unaoweza kulifunika gauni lisionekane. Yeye alishuka sentensi kwa sentensi akiuliza kila msemo unafanya kazi gani. "Kitu na boksi" kwa mji wenye soko la Owino, ambako milima ya mitumba hufunguliwa kila siku, ni tamko kwamba nguo hii haijavaliwa na mtu. Kwa hiyo Kiarabu kikasema wazi: jipya, limeshonwa Kampala, halijavaliwa. "Wahi" ni onyo kwamba mzigo utaisha. Akamuuliza binti yamebaki mangapi ya saizi hiyo, akajibiwa mawili, naye akaandika kwamba yamebaki mawili. Alichokiongeza kutoka kwake ni sentensi moja tu ya mwanzo, inayosema kwamba gauni ni la kupendeza na jepesi kwa siku za joto. Tangazo la Kiarabu lisilo na hata neno moja la ukaribisho husomeka kama risiti, na mteja huhisi hakukaribishwa. Ila sentensi hiyo ni moja, nayo ni ya kweli. Aliiandika kwa fusha nyepesi bila lahaja, kwa sababu msomaji wake anaweza kuwa wa Omdurman au wa Salala.

Kwenye "halichuji" akasimama. Hiyo ni ahadi, na ahadi haifasiriwi kabla haijathibitishwa. Akachovya kona ya kitambaa cheupe kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, akaibana kwenye upande wa ndani wa pindo, penye rangi nyekundu iliyokolea, akaisugua taratibu akihesabu kimoyomoyo. Alipoinua, kitambaa cheupe kilikuwa na kivuli cha waridi, chepesi, lakini kipo. Rangi ya ziada ya kiwandani hutoka kwenye mafuo ya mwanzo, kisha hutulia. Basi lile neno halikuvuka. Mahali pake pakaandikwa: lifuliwe peke yake kwa maji baridi mara mbili za mwanzo. Mwenye duka aliponyanyua nyusi, Hajati hakubishana naye. Alimwonyesha kile kitambaa. Mwenye duka akakitazama, akarudi kwenye kompyuta yake akafuta neno hilo hata kwenye tangazo la Kiswahili.

Likabaki neno "dada". Kiswahili hakimwulizi mtu ni mwanamume au mwanamke ndipo kimwambie chagua, nunua, vaa. Kiarabu hakiwezi kumwambia mtu avae bila kuamua. Kwenye maelezo ya gauni Hajati aliandika vitenzi vyote kwa namna ya kumwambia mwanamke, na hivyo yule dada wa tangazo akawa ndani ya kila kitenzi bila kutajwa. Lakini vitufe vya duka ni vya wote. Wasudani wengi wanaoagiza ni wanaume wanaowanunulia wake na mama zao, na kitufe kinachomwamrisha mwanamke kingewakwaza. Huko akaacha kuamrisha kabisa, akatumia majina ya vitendo: kuongezwa kikapuni, kukamilishwa oda. Nilipochungulia skrini, kitufe na maelezo vilikaa jirani, na hakuna kilichomgusa mwenzake vibaya.

Kisha ikaja hatua ambayo mtu asiyejua Kiarabu hawezi kuiona ikiharibika. Maandishi ya Kiarabu hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto, lakini namba zilizo ndani yake husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Namba moja peke yake haina tabu. Zikikutana mbili zikiwa na kistari kati yao, kama 97-101, skrini huiweka ya kwanza kulia na ya pili kushoto, na jicho lililozoea hesabu linaona 101-97. Alama ya kujumlisha mbele ya namba ya simu huhamia upande wa pili, ikaonekana 256+. Kwa vipimo dawa ya Hajati ni maneno: kuanzia 97 hadi 101, bila kistari. Kwa mfuko au sanduku pia haandiki 30 × 20 × 10. Anaandika urefu wake, upana wake na kimo chake, kila kimoja na jina lake, kwa hiyo hata mstari ukigeuka maana haigeuki. Kwa namba ya simu maneno hayasaidii, na hapo humwachia fundi wa tovuti agizo fupi:

```html
<bdi dir="ltr">+256</bdi>
```

Namba zenyewe pia zina sura mbili. Wasudani na watu wa Ghuba wanazisoma zote, hizi zetu na zile za ٠ na ٥. Hajati alichagua zetu kwa duka zima, na sababu yake iko ghorofa ya chini, kwa binti wa kufungasha. Katika namba za Kiarabu sifuri ni nukta na tano ni kiduara. Mteja akiandika kwenye oda kwamba anataka ٥٦, macho ya Kampala huona sifuri na kitu kingine. Juu ya meza ya kufungashia amebandika karatasi yenye safu mbili, ili oda za namna hiyo zisibahatishwe.

Nilimwona akikutana na kipimo kibovu mara moja zaidi, kwenye kikopo cha mafuta ya shea yanayotoka kaskazini mwa Uganda, ambayo Waacholi huyaita moo yaa na watu wa Sudani Kusini huyaita lulu. Kikopo kiliandikwa 200, na tangazo likasema gramu 200. Shea ya upande huu wa Afrika ni laini, huyeyuka mapema, na joto la mchana lilikuwa limeifanya uji mzito. Hajati akaweka kikopo kitupu kwenye mizani, akaisawazisha mpaka sifuri, akaweka kilichojaa: gramu 182. Ile 200 ilikuwa mililita, ujazo wa kikopo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo mililita na gramu haziwi sawa. Akaandika zote mbili, kila moja na kizio chake, na akaongeza kwamba yakifika yameyeyuka hayajaharibika, yawekwe mahali pa baridi yagande. Sentensi iliyosema yanatibu maradhi ya ngozi haikupata Kiarabu chake. Yaliyobaki ni kwamba yanalainisha ngozi kavu.

Tangazo la gauni lilipokamilika halikupanda mtandaoni siku hiyo. Kuna mama wa Kisudani anayeishi jengo la pili, na Hajati humpelekea kila tangazo jipya likiwa limechapwa kwenye karatasi, pamoja na tepu ya sentimita. Hamwulizi kama Kiarabu ni kizuri. Humwomba asome, kisha aonyeshe kwenye mwili wake mwenyewe kila kipimo kinaanzia wapi na kuishia wapi. Yule mama akasoma, akaizungusha tepu kifuani, akaisoma, akasema litamtosha. Kwenye urefu akaweka ncha ya tepu kwenye ukingo wa bega, pale mkono unapoanzia. Hajati alikuwa ameandika "kutoka begani" tu. Tofauti ya kuanzia ukingoni na kuanzia shingoni ni sentimita kadhaa, na pindo lingeonekana kushuka mpaka karibu na sakafu. Akamshukuru, akaitoa kalamu, akaongeza neno shingo pale pale kwenye karatasi: kutoka begani, palipo karibu na shingo. Yule mama akasoma tena, na safari hii tepu ikaanzia mahali pake.

Picha ya tatu ya tangazo, ile yenye jedwali la saizi lililochorwa juu yake kwa inchi, ilitolewa. Jedwali lililomo ndani ya picha haliwezi kufasiriwa wala kugeuzwa. Lilichorwa upya kama maandishi, safu yake ya kwanza ikianzia kulia.

Jioni mzigo mwingine ukafika kutoka kwa fundi wa Nakivubo, magauni sita ndani ya mfuko wa plastiki. Kila moja lilikuwa na kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini kwenye ukosi. Hajati akakisoma cha kwanza, akanipa nikione. Fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: kifua nguo 40, mtu 36 hadi 38, urefu toka shingoni 52. Hajati akalilaza gauni mezani, akalipangusa, akachukua tepu.